Walio na Ambao: Mkato Unaoamua Nani Yumo Katika Mpango

Chukua sentensi hii, ambayo ingeweza kuandikwa na katibu yeyote wa BMU kisiwani Kiwayu katika barua pepe ya kueleza kufungwa kwa mwamba:

Akina mama wa Kiwayu ambao huvua pweza mwambani watalipwa fidia kwa miezi mitatu.

Sasa itazame tena ikiwa na mikato miwili:

Akina mama wa Kiwayu, ambao huvua pweza mwambani, watalipwa fidia kwa miezi mitatu.

Maneno ni yale yale na yamepangwa vile vile, ila ahadi imebadilika. Sentensi ya kwanza inawagawa akina mama wa kijiji mafungu mawili, wanaovua pweza na wasiovua, kisha inaahidi kulipa fungu moja. Sentensi ya pili inaahidi kuwalipa akina mama wote wa Kiwayu, na kupitia mlango wa nyuma inadai kwamba wote huvua pweza. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba akina mama watu wazima wa kijiji ni 120, wanaovua pweza ni 45, na fidia ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Bila mikato, mpango unahitaji shilingi 405,000. Ukitia mikato, unahitaji shilingi 1,080,000. Mfadhili anayesoma barua hiyo akiwa Nairobi ana haki ya kuuliza ni ahadi ipi uliyompa, na mama asiyevua pweza aliyesoma jina la kijiji chake ana haki ya kuja ofisini kudai chake.

Mwongozo huu unawahusu wanaoandika barua za namna hiyo: makatibu wa BMU, maafisa wa kaunti, wafanyakazi wa mashirika ya uhifadhi, walimu wanaoombwa na kijiji kuandika kwa niaba yake. Nimechagua Kiwayu kwa sababu karibu kila barua inayotoka huko au kuingia inauliza nani anaruhusiwa na nani haruhusiwi. Kisiwa kiko ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Nchini Kenya, mbuga ya bahari haivuliwi kabisa, lakini hifadhi ya bahari huruhusu uvuvi wa kienyeji. Ruhusa hiyo ya nusunusu ndiyo inayozaa maandishi: chombo gani, nyavu gani, msimu gani, mvuvi wa wapi. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 nayo inavitambua vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, kwa hiyo barua ya katibu si porojo ya kijiweni. Ofisi ya uvuvi Lamu huisoma, Shirika la Wanyamapori la Kenya huisoma, na ugomvi ukizuka huwa ndiyo ushahidi.

Kubana na kuongeza

Shuleni tulifundishwa kwamba kishazi kinachoanza na amba-, au chenye kiambishi rejeshi ndani ya kitenzi kama vile -ye-, -o- na -zo-, hueleza nomino iliyotangulia. Ambalo wengi hatukufundishwa ni kwamba kishazi hicho kina kazi mbili zilizo mbali kabisa. Kinaweza kubana, yaani kuchagua baadhi na kuwaacha wengine nje. Kinaweza pia kuongeza, yaani kutoa habari ya ziada kuhusu kitu ambacho msomaji ameshakijua. Kishazi kinachobana hakitiwi mikato. Kinachoongeza hutiwa mkato mbele na mkato nyuma, au mkato mbele na nukta nyuma ikiwa sentensi inaishia hapo.

Ili kujua kishazi chako ni cha aina gani, jiulize swali moja kabla ya kugusa kitufe cha mkato: je, wapo wengine wasio hivyo, na je, nataka kuwaacha nje? Unapoandika "mashua zilizosajiliwa zitaruhusiwa kuvua", zipo mashua zisizosajiliwa? Zipo. Unataka kuziacha nje? Ndiyo. Basi kishazi kinabana, na mkato ukae mbali. Unapoandika "Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, huruhusu uvuvi wa kienyeji", ipo Hifadhi ya Bahari ya Kiunga nyingine iliyotangazwa mwaka mwingine? Hakuna. Basi mwaka ni habari ya ziada na lazima uzungushiwe mikato. Ukiuacha bila mikato, umeashiria kwamba ziko mbili.

Kuna njia ya pili, nayo ni kukiondoa kishazi kabisa na kusoma kinachobaki. "Mashua zitaruhusiwa kuvua" ni sera nyingine kabisa, tena ya hatari. "Hifadhi ya Bahari ya Kiunga huruhusu uvuvi wa kienyeji" ni kweli ile ile. Sentensi ikibaki na ahadi ile ile baada ya kishazi kutoka, mikato inafaa. Ahadi ikipanuka, mikato haifai.

Majina ya pekee karibu kila mara huchukua kishazi cha kuongeza, maana jina lenyewe limeshachagua. Hata hivyo jina Kiwayu lina mtego wake: ni jina la kisiwa, na ni jina la kijiji kilicho katika kisiwa hicho hicho, ambacho kina kijiji kingine, Chandani. Ukiandika "wakazi wa Kiwayu watapewa vibali", mtu wa Chandani hajui kama yumo. Hapo mkato hautakuokoa. Andika "wakazi wa kijiji cha Kiwayu" au "wakazi wote wa kisiwa cha Kiwayu, yaani Kiwayu na Chandani". Vyeo pia vinahitaji uangalifu. "Mwenyekiti wa BMU, aliyechaguliwa mwaka huu, atatia sahihi" ni sawa, kwa sababu BMU moja ina mwenyekiti mmoja. Lakini barua iliyotumwa kwa BMU kadhaa ikisema "wenyeviti, waliochaguliwa mwaka huu, watahudhuria mafunzo", imewaambia wote kwamba wamechaguliwa mwaka huu na wote wamealikwa. Kama ulikusudia wapya pekee, mikato hiyo miwili imekualikia wageni usiokuwa na nauli zao.

Kipi kati ya walio na ambao

Kiswahili kinatupa umbo zaidi ya moja. Tunaweza kusema wavuvi waliosajiliwa, na tunaweza kusema wavuvi ambao wamesajiliwa. Sarufi inakubali kila mojawapo kwa kazi yoyote kati ya hizo mbili. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwani umbo peke yake halimwambii msomaji kama unabana au unaongeza. Kazi yote inabaki juu ya mkato, na mkato ni alama ndogo inayopotea kirahisi.

Kwa hiyo ninapendekeza desturi moja kwa barua za sera na mipango, na ninaomba uishike bila kuyumba. Unapobana, tumia kirejeshi kilichomo ndani ya kitenzi: waliosajiliwa, zinazokaguliwa, watakaohudhuria, wasiolipa. Unapoongeza, tumia amba- iliyozungukwa na mikato. Msomaji akishaizoea barua yako, ataona kazi ya kishazi hata kabla hajauona mkato. Sheria ya sarufi hailazimishi mgawanyo huu. Utakutana na vishazi vizuri vya kuongeza visivyo na amba-, kama hicho cha hifadhi iliyotangazwa mwaka 1979. Lakini katika maandishi yanayogawa haki na fedha, alama mbili zinazosema jambo moja ni bora kuliko moja.

Desturi hiyo ina mipaka, na ni vizuri uijue mapema. Kirejeshi cha ndani hukubali nyakati chache tu: -na-, -li-, -taka-, na kanusho la -si-. Hatusemi "wameovua" wala "hawakuovua". Kwa hali ya mazoea ya hu-, kwa -me-, na kwa kanusho la wakati uliopita, amba- ndiyo njia iliyobaki: akina mama ambao huvua, mashua ambazo hazijakaguliwa, wavuvi ambao hawakuhudhuria. Sasa utabana vipi kwa amba- bila kumchanganya msomaji? Ongeza neno linalobana waziwazi. Wale, tu na pekee hufanya kazi hiyo vizuri: "akina mama wale tu ambao huvua pweza". Neno "wale" likiwa pale, hata mtu akitia mkato kwa makosa, maana haipotei.

Utaona pia sentensi zilizobeba virejeshi viwili kwa mpigo, kama "wavuvi ambao waliosajiliwa". Chagua kimoja. Mwandishi wa sentensi kama hiyo kwa kawaida hakuwa ameamua anabana au anaongeza, kwa hiyo usiishie kufuta neno. Rudi kwenye swali la awali ujue ni akina nani walioachwa nje.

Madai yanayojificha kati ya mikato miwili

Jambo hili ndilo ambalo waandishi wa mipango hulisahau zaidi, na huleta aibu kubwa kuliko makosa ya fidia. Kishazi cha kuongeza hudai jambo kuwa ni kweli. Kishazi cha kubana hakidai. Linganisha:

Fedha zitakazotengwa na kaunti zitajenga gati.

Fedha za kaunti, ambazo zimeshatengwa, zitajenga gati.

Ya kwanza haisemi kuwa fedha zipo. Inasema tu kwamba zikitengwa, kazi yake ni gati. Ya pili imethibitisha kwamba fedha zimetengwa, tena kwa sauti ya chini, kama jambo ambalo kila mtu anajua. Msomaji hapati nafasi ya kubisha, kwa sababu akili yake inafuata kitenzi kikuu, "zitajenga". Mwandishi mwenye haraka huweka humo matumaini yake bila kukusudia: "mradi, ambao umekubaliwa na wazee wote,", "mwamba, ambao hauna tena pweza,", "wavuvi wa nje, ambao hutumia juya,". Hicho cha mwisho ni kizito. Juya ni wavu uliopigwa marufuku Kenya, na mikato miwili imewashtaki wavuvi wote wa nje kwa kosa hilo. Ondoa mikato, sema "wavuvi wa nje wanaotumia juya", na sasa unawazungumzia wale tu wanaovunja sheria.

Kwa hiyo ukimaliza kuandika barua, pitia kila fungu lililo kati ya mikato miwili ulisome kama sentensi kamili inayojitegemea: wazee wote wamekubali mradi; mwamba hauna tena pweza; fedha zimeshatengwa. Je, ungetia sahihi chini ya sentensi hiyo ikiwa peke yake kwenye karatasi? Kama hungetia, itoe kati ya mikato uipe sentensi yake, pamoja na sharti lake: "Tumeiomba kaunti itenge fedha, tunasubiri jibu." Barua itakuwa ndefu kidogo, lakini hakuna atakayeinua karatasi mkutanini kuonyesha kwamba uliandika zimeshatengwa.

Mkato mmoja haufungi

Mikato ya kishazi cha kuongeza huenda ikiwa miwili. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutia wa kwanza na kusahau wa pili, hasa kishazi kinapokuwa kirefu: "Awamu ya pili, ambayo itaanza baada ya kaskazi kutulia na mashua kurudi itahusu Mkokoni." Msomaji hajui habari ya ziada imeishia wapi, na anaweza kudhani mashua ndizo zitakazohusu Mkokoni. Ukiona kishazi chako kimepita maneno kumi, kigeuze kiwe sentensi.

Nafasi ya mkato mmoja imewahi kubishaniwa mbele ya mamlaka. Nchini Kanada, kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant, zilikuwa na mkataba wa kutundika nyaya juu ya nguzo. Mkataba ulisema utadumu miaka mitano, kisha utarudiwa kwa vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya mwaka mmoja. Kabla ya sehemu ya "isipokuwa" palikuwa na mkato. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kwamba mkato huo ulifunga maneno ya vipindi vya kurudiwa, kwa hiyo notisi ingeweza kuvunja mkataba hata ndani ya miaka mitano ya kwanza. Upande wa pili ulikuwa na hakika kwamba miaka hiyo mitano ilikuwa salama. Mwaka 2007 uamuzi ulibadilishwa, na kilichougeuza ni nakala ya Kifaransa, ambayo haikuwa na utata huo.

Kisa hicho kinatugusa kwa sababu nasi tunaandika kwa lugha mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kama lugha rasmi, na barua ya mpango inayotoka Kiwayu mara nyingi hufuatwa na nakala ya Kiingereza kwa ajili ya mfadhili. Ndani ya Kiingereza tofauti tunayoizungumzia ina maneno mawili. Kwa vitu, "that" hubana na haitiwi mkato. "Which" huongeza na hutiwa mikato. Mgawanyo huo ulipigiwa debe na Fowler katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilichotoka mwaka 1926, na wahariri wa Marekani huushika sana. Waandishi wa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ofisi zetu zimekirithi, hutumia "which" kwa kazi zote mbili. Kwa hiyo ukipokea kutoka ofisi fulani barua yenye "which" isiyo na mkato, usikimbilie kuamua kwamba ni habari ya ziada. Tazama mkato. Usipouona, chukulia kwamba inabana, kisha uulize kwa maandishi: ni vyote au ni baadhi? Na kwa watu, Kiingereza hutumia zaidi "who" kwa kazi zote mbili, kwa hiyo pale hata neno halikusaidii; ni mkato peke yake.

Unapotafsiri kutoka Kiswahili, desturi niliyoipendekeza inarahisisha kazi. Kirejeshi cha ndani ya kitenzi kiwe "that", au "who" kwa watu, bila mkato. Amba- yenye mikato iwe "which", au "who" kwa watu, pamoja na mikato yake. Kisha mpe mtu wa pili nakala zote mbili, umwombe ahesabu katika kila lugha ni nani wanalipwa. Wakitofautiana, kosa liko katika mojawapo, na ni bora mlione nyinyi kabla ya mfadhili.

Barua inaposomwa kwa sauti

Barua pepe ya mpango haibaki kwenye simu ya aliyeipokea. Hunakiliwa kwenye kundi la wotsapu, huandikwa upya na mtu mwenye haraka, na husomwa kwa sauti mkutanini mbele ya wazee ambao hawataiona kamwe kwa macho. Mkato hausikiki vizuri. Msomaji hodari atapumua kidogo kabla ya "ambao" na baada ya kishazi, lakini upepo ukivuma, au mtu akipitiliza, fidia ya 45 imekuwa ya 120.

Kutokana na hilo nashika kanuni ambayo ni kali kuliko ya sarufi: haki, fedha au marufuku visitegemee mkato peke yake. Mkato uwepo mahali pake, lakini sentensi iandikwe kiasi kwamba asiyeuona wala kuusikia bado ataelewa. Ukumbuke kesi ya bandari ya Lamu, ambapo Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Katika jambo kama hilo kirejeshi kimoja, "walioathirika", kinabeba mzigo wote: nani ni mvuvi, na nani kati ya wavuvi ameathirika. Hakuna mkato unaoweza kujibu swali hilo. Jibu ni orodha ya majina na vigezo vilivyoandikwa kwa sentensi zake.

Sasa tuchukue barua moja ya mfano tuifanyie kazi.

Kwa wanachama wote. Mwamba wa nje ambao utafungwa kuanzia Novemba hautavuliwa kwa miezi mitatu. Mashua ambazo zimesajiliwa zitaendelea kuvua kwingine. Akina mama ambao huvua pweza watalipwa fidia, ambayo imetengwa na mfadhili. Nyavu za mashua ambazo hazijakaguliwa zitazuiliwa.

Anza na mwamba. Je, ipo miamba ya nje zaidi ya mmoja? Kama upo mmoja, "ambao utafungwa" ni habari ya ziada na inahitaji mikato, lakini kufungwa kwake ndiyo habari kuu ya barua, kwa hiyo usiifiche ndani ya kishazi. Ipe kitenzi kikuu. Kama iko miamba kadhaa, kishazi kinabana lakini hakimwonyeshi mvuvi ni upi. Taja jina ambalo wavuvi wenyewe huuita, au mahali ulipo.

Mashua ni rahisi. Unabana, basi "zilizosajiliwa". Ila malizia upande wa pili, kwa sababu sentensi inayosema zilizosajiliwa zinaruhusiwa haijasema wazi kwamba zisizosajiliwa zinakatazwa. Kila msomaji ataelewa hivyo isipokuwa yule mwenye mashua isiyosajiliwa.

Kwa akina mama, hali ya hu- inalazimisha amba-, kwa hiyo tia "wale tu". Na pweza wa wapi? Mama anayevua pweza upande mwingine wa kisiwa hajafungiwa kitu. Kisha fika kwenye "ambayo imetengwa na mfadhili". Isome peke yake: fidia imetengwa na mfadhili. Kama mfadhili ameahidi tu, katibu ametangaza fedha ambazo hazipo.

Nyavu za mashua zina shida ya aina nyingine. Nyavu huchukua ambazo, na mashua zikiwa nyingi nazo huchukua ambazo. Kipi hakijakaguliwa? Mkato hautatatua hili. Mara nyingi upatanisho wa ngeli hutusaidia Kiswahili pale ambapo Kiingereza kingekwama, maana "mpango wa hifadhi ambao" na "mpango wa hifadhi ambayo" haviwezi kuchanganywa. Lakini nomino mbili zinapokuwa za ngeli moja msaada huo hauko, na lazima kishazi kibanwe karibu na nomino yake, nomino nyingine ihamishwe. Baada ya hayo yote, barua inakuwa hivi:

Kwa wanachama wote wa Kiwayu na Chandani.

Mwamba wa upande wa bahari kuu utafungwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 31 Januari. Katika miezi hiyo mitatu hakuna atakayevua hapo, awe mwenyeji au mgeni.

Mashua zilizosajiliwa na BMU yetu zitaendelea kuvua kwingine. Mashua zisizosajiliwa hazitaruhusiwa.

Fidia watalipwa akina mama wale tu ambao huvua pweza kwenye mwamba huo na ambao majina yao yamo katika orodha iliyobandikwa ofisini. Mfadhili ameahidi fedha hizo lakini bado hajazitoa. Tutatangaza tarehe ya malipo zikifika.

Nyavu zisizokaguliwa zitazuiliwa, hata kama mashua yenyewe imesajiliwa.

Angalia kwamba barua mpya ina mikato miwili tu, na hakuna hata mmoja unaoamua nani alipwe. Ndani yake hamna kishazi cha kuongeza hata kimoja. Kila habari ya ziada iliyokuwa muhimu imepata sentensi yake, na isiyokuwa muhimu imeondoka. Vishazi vilivyobaki vyote vinabana, na kila kimoja kina mtu au chombo kinachoachwa nje kwa makusudi. Kabla ya kuituma, msomee mtu mmoja ambaye hakuhudhuria kikao, kwa sauti na bila kupumua kwenye mikato, kisha mwulize maswali mawili: nani hatalipwa, na mashua gani haitavua. Akikosea jibu, sentensi ya kurekebisha ni ile aliyokuwa akiifikiria alipokosea, kwa hiyo mwombe akuonyeshe.